Arusha ya mwaka 1930 ilikuwa na watu wangapi? Jinsi ya kusoma hesabu za watu za enzi za ukoloni

Kila mara mjadala wa Moshi kupandishwa hadhi na kuwa jiji unapoibuka, haupiti muda kabla haujageuka kuwa ubishi wa historia. Mmoja husema Moshi ilikuwa mji kamili wakati Arusha ni boma la Wajerumani na maduka machache ya Wahindi. Mwingine humjibu kwamba Arusha ilikuwa na watu elfu thelathini tangu zama za Mjerumani, na kwamba takwimu hiyo imeandikwa na serikali yenyewe. Hapo mazungumzo hukwama, kwa sababu upande mmoja huamini kwamba Mzungu akishaandika namba basi namba hiyo ni sahihi, na upande mwingine huona kwamba kila kilichoandikwa na mkoloni ni uongo wa kutupwa jalalani. Nadhani pande zote mbili zinakosea, na njia nzuri ya kulionyesha hilo ni kuchukua swali moja dogo na kulifuata mpaka mwisho: mwaka 1930, miezi michache tu baada ya reli kufika Arusha mwezi Desemba 1929, mji huu ulikuwa na watu wangapi?

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja. Sensa ni kuhesabu kila mtu, mmoja mmoja, kwa kuangalia wakati mmoja uliopangwa. Ndiyo maana mwaka 2022 tuliulizwa ni nani aliyelala nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Hesabu ya kodi ni orodha ya vibanda au ya wanaume wanaopaswa kulipa, iliyotengenezwa ili fedha zikusanywe, wala si ili watu wajulikane idadi yao. Makadirio ni namba inayopatikana kwa kuanza na kitu kilichohesabiwa, kwa mfano vibanda, kisha kukizidisha kwa idadi ya watu wanaodhaniwa kuishi katika kila kimoja. Takwimu nyingi za Tanganyika zilizotolewa kabla ya mwaka 1948, hata pale zilipoitwa sensa kwenye jalada la ripoti, kwa upande wa Waafrika zilikuwa mchanganyiko wa jambo la pili na la tatu.

Asili ya mchanganyiko huo ni kodi ya kibanda. Wajerumani waliitangaza mwaka 1897, nayo ikaanza kukusanywa mwaka uliofuata; kiwango cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa kibanda. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na kodi ya kibanda, wakaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasiokuwa na kibanda chao. Ofisa wa wilaya hakuwa na watumishi wa kupita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo alitegemea orodha za majumbe, na kwa upande wa Kilimanjaro za mangi na wachili wao, yaani wasaidizi wao wa mitaani. Alipotakiwa na makao makuu kutoa idadi ya watu, alichokuwa nacho mezani kilikuwa daftari la kodi.

Anayetaka kuona udhaifu wa daftari hilo afikirie kamati ya harusi inayojaribu kujua watu waliofika ukumbini kwa kuhesabu kadi za michango. Kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili. Kuna aliyechanga asiende, na kuna aliyekwenda bila kuchanga. Kuna mama aliyeingia na watoto watatu ambao hakuna kadi iliyowataja. Hesabu ya kadi si uongo, maana inaeleza kwa usahihi fedha zilizoingia, lakini ili kutoka kwenye kadi kufika kwenye vichwa ni lazima ubuni uwiano, na uwiano huo ndio unaobeba makosa yote.

Kodi nayo ilikuwa na kasoro ambayo kadi za harusi hazina: ilimpa mtu sababu ya kutoonekana. Pale kodi ilipotozwa kwa kibanda, familia mbili zilibanana chini ya paa moja ili walipe mara moja. Kijana aliyekaribia umri wa kulipa alikuwa bado mtoto machoni pa wazazi wake kila karani alipopita. Kumbukumbu za vita zilizidisha hofu hiyo, kwa sababu majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha mwezi Machi 1916, na pande zote mbili za vita hivyo zilichukua wanaume kwa nguvu kuwa wapagazi. Mtu aliyeishi miaka hiyo alijua vyema kwamba kuandikwa jina kunaweza kufuatwa na kuchukuliwa. Kwa upande mwingine jumbe aliyepata sehemu ya kodi aliyoikusanya hakuwa na sababu ya kuficha walipaji, ingawa kwa wasiolipa, yaani watoto na wazee, hakuwa na sababu ya kuhangaika nao hata kidogo. Ndiyo maana wanahistoria hutarajia kwamba orodha hizo zinapunguza watu kuliko kuwaongeza, na kwamba pengo kubwa liko kwa watoto wadogo na vijana wa kiume.

Je, upungufu huo unaweza kupimwa? Kwa nchi nzima unaweza, kwa kiasi fulani. Mwaka 1931 serikali ilitangaza kwamba Waafrika wa Tanganyika walikuwa 5,022,640. Namba hiyo inatisha kwa ukamilifu wake. Mtu akiiona hudhani kwamba kuna aliyemhesabu hata yule wa mwisho, wa arobaini. Ukweli ni kwamba karani akijumlisha makadirio ya mamia ya maeneo, jumla itatoka na tarakimu za mwisho zilizo kamili hata kama kila kadirio limekosea kwa mamia. Ukamilifu wa tarakimu unatokana na kujumlisha, hautokani na kuhesabu.

Mwezi Agosti 1948 ndipo Waafrika walipohesabiwa kwa mara ya kwanza kwa njia inayostahili jina la sensa, kwa makarani waliofunzwa na kwa uchunguzi wa sampuli uliofuata baadaye. Walipatikana takriban milioni 7.41. Ukizilinganisha namba hizo mbili, watu waliongezeka kwa karibu asilimia 2.3 kila mwaka kwa miaka 17. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1957, ilipata Waafrika milioni 8.66, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 1.7 tu kwa mwaka. Hapo mwanahistoria husimama, kwa sababu haielekei kwamba watu waliongezeka kwa kasi zaidi katika miaka ya mdororo wa uchumi na ya vita kuu ya pili kuliko katika miaka ya hamsini, wakati zahanati na chanjo zilikuwa zimeenea zaidi. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba mwaka 1931 watu wengi hawakuhesabiwa. Tukirudi nyuma kutoka mwaka 1948 kwa mwendo wa asilimia 1.7, tunafika mwaka 1931 tukiwa na watu kama milioni 5.5, yaani karibu nusu milioni zaidi ya waliotangazwa.

Lakini hata kipimo hiki kina mipaka yake, na ni haki kuionyesha. Sensa ya mwaka 1967 ilipata karibu watu milioni 12 Tanzania Bara, wakati ile ya mwaka 1957, kwa watu wa asili zote, ilikuwa na milioni 8.8. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, nalo linatia shaka kwamba mwaka 1957 pia kuna watu walioachwa. Kama ni hivyo, basi kasi halisi ya miaka ya hamsini ilikuwa kubwa kuliko tulivyoiweka, na pengo la mwaka 1931 linapungua. Robert Kuczynski, mtaalamu wa idadi ya watu aliyezipitia hesabu za makoloni ya Uingereza moja baada ya nyingine katika miaka ya arobaini, alikuwa mkali sana juu ya jambo hili: namba isiyojulikana ilivyopatikana haipaswi kupewa heshima ya sensa, hata ikichapishwa na serikali.

Sasa turudi Arusha, na hapa tatizo la kwanza halihusu hesabu bali jina. Katika nyaraka za zamani Arusha inaweza kuwa mji uliokua kando ya boma lililojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, lile ambalo leo ni makumbusho. Inaweza kuwa wilaya nzima, pamoja na Wameru na wakulima wa mteremkoni. Inaweza kuwa kabila la Waarusha popote walipo. Na karani asiye makini angeweza hata kuchanganya na Arusha Chini, iliyo kusini ya Moshi. Moshi nayo haina nafuu: kuna Moshi ya zamani kule mlimani, kuna mji mpya uliokua palipofika reli kutoka Tanga mwaka 1911, na kuna wilaya ya Moshi iliyobeba sehemu kubwa ya Uchagga. Mtu anayesema Arusha ilikuwa na watu elfu thelathini zama za Mjerumani anaweza kuwa ameona namba ya kweli kabisa, ila ni namba ya wilaya au ya kabila. Kwa mji haiwezekani, na tutaona sababu yake sasa hivi.

Wanahistoria hupenda kuanza na mahali palipo imara, kisha warudi nyuma. Mahali imara kwa Arusha ni sensa ya mwaka 1948, iliyoupa mji watu wapatao 5,300. Mwaka 1957 walikuwa kama 10,000. Kwa hiyo katika miaka 9 mji ulikaribia kuongezeka maradufu. Tukidhani kwamba ulikuwa ukienda kwa mwendo huohuo tangu zamani, tunapiga hatua ya miaka 9 kurudi nyuma na kupata watu kama 2,800 mwaka 1939. Tunapiga hatua nyingine na kupata kama 1,500 mwaka 1930. Tukidhani badala yake kwamba mji ulikua polepole, tuseme kwa asilimia 2 kwa mwaka kama sehemu nyingine za nchi, tunapata watu kama 3,700 mwaka huohuo wa 1930. Hivyo bila kufungua faili hata moja la kodi tayari tuna uwanja wa kuchezea: Arusha ya mwaka 1930 haikuwa kijiji cha watu mia tatu, wala haikuwa mji wa watu elfu kumi.

Kilichobaki ni kuupunguza uwanja huo, na hapa ndipo hesabu za kikoloni zinaporudi, safari hii zikiwa mashahidi wa kuhojiwa. Shahidi wa kwanza ni hesabu ya Wazungu na Waasia. Hawa, tofauti na Waafrika, waliandikwa kwenye fomu, kwa majina, kwa siku moja, katika mwaka 1921 na tena mwaka 1931. Ubaguzi huo ulikuwa wa aibu, lakini unatuachia namba iliyo imara kiasi ambayo mji hauwezi kuwa chini yake. Maduka ya Waasia yana faida nyingine: kila duka na kila nyumba iliyopangishwa ilihitaji wapishi, madobi, wabebaji na walinzi, na idadi yao haiwezi kuachana mno na idadi ya waajiri.

Shahidi wa pili ni nyumba. Wacha nitoe mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuonyesha njia tu. Tuseme ramani ya mji inaonyesha nyumba 250 katika mitaa ya Waafrika. Mtu mwenye haraka angechukua uwiano unaotumika vijijini, labda watu 4 kwa kila kibanda, akapata watu 1,000. Lakini kibanda cha kijijini na nyumba ya mjini ni vitu viwili tofauti. Katika boma la Mwarusha mwenye wake watatu kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo nyumba moja inamaanisha mama na wanawe. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ina ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji, wakati mwingine wapangaji wawili au watatu wanaolala kwa zamu. Nyumba hiyo ingeweza kuwa na watu 8 hadi 12 bila mtu yeyote kushangaa. Basi nyumba zilezile 250 zinatupa watu kati ya 2,000 na 3,000. Hakuna kilichobadilika kwenye ramani. Tumebadilisha tu namba ambayo haikuhesabiwa na mtu yeyote, na mji umekua mara mbili au tatu. Ndiyo maana mwanahistoria mwangalifu huandika uwiano alioutumia mbele ya msomaji, na kueleza kwa nini ameuchagua huo.

Shahidi wa tatu ni daftari la kodi lenyewe, na kabla ya kulitumia kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Chukua orodha ya maeneo yenye idadi ya walipa kodi na idadi ya watu, kisha gawanya ya pili kwa ya kwanza katika kila mstari. Kama watu walihesabiwa kweli, majibu yatatofautiana, kwa sababu eneo la wapangaji wanaume halifanani na kijiji cha familia. Kama majibu yote yanatoka sawa, tuseme 3.5 kwa kila mstari, basi hakuna aliyehesabu watu. Karani alikaa mezani akazidisha. Orodha ya namna hiyo bado ina faida, maana walipa kodi wenyewe huenda waliorodheshwa vizuri, lakini safu ya watu ifutwe yote na kazi ianze upya. Dalili nyingine ni namba inayojirudia bila kubadilika katika ripoti za miaka minne mfululizo, au namba zote kumalizikia na sifuri mbili.

Kuna mtego mwingine hapa, nao huwanasa hata watu makini. Mtu akikadiria mji kwa daftari la kodi, kisha akathibitisha kwa takwimu ya mwaka 1931, akiona zinakubaliana hufurahi. Ila takwimu ya mwaka 1931 yenyewe ilijengwa juu ya daftari hilohilo, kwa hiyo alichofanya ni kumuuliza shahidi mmoja mara mbili. Ushahidi wa kweli lazima utoke mahali pengine: rejista za ubatizo, ushuru wa soko, orodha za wafanyakazi wa reli na wa mashamba. Rejista za misheni ya Ilboru, kwa mfano, zinaeleza mengi kuhusu ukubwa wa familia, lakini ni za Wakristo peke yao, na misheni ilikuwa mteremkoni, nje ya mji.

Nikiweka haya yote pamoja, kwa maoni yangu kadirio la busara ni kwamba mji wa Arusha ulikuwa na watu kati ya 1,500 na 3,500 wakati reli inafika. Naegemea upande wa juu kidogo, kwa sababu mdororo wa miaka ya thelathini uliporomosha bei ya kahawa na mkonge, na haielekei kwamba mji uliendelea kukua kwa kasi ya miaka ya hamsini katika kipindi hicho. Na kama ulikua polepole baada ya 1930, basi lazima ulianza ukiwa mkubwa zaidi. Wapo watakaotaka namba moja badala ya mbili. Namba moja ingependeza zaidi, lakini ingedai ujuzi ambao nyaraka hizi hazina.

Na ule ubishi wa Moshi? Katika sensa ya mwaka 1948 Moshi ilikuwa na watu kama 8,000, dhidi ya 5,300 wa Arusha. Mwaka 1957 ilikuwa bado mbele, ikikaribia 14,000. Hata hivyo sensa humhesabu mtu pale alipolala. Mchagga aliyeshuka asubuhi kuja kazini Moshi na jioni akapanda kurudi kihambani kwake alihesabiwa mlimani, ingawa alikuwa mtu wa mjini kutwa nzima. Kwa kuwa vihamba vilikaribia mji kiasi cha mtu kwenda na kurudi kwa miguu, namba ya usiku ya Moshi inaficha sehemu ya mji wa mchana. Arusha ilikuwa na hali hiyo pia kwa watu wa mteremko wa Meru. Kwa hiyo swali la mji upi ulikuwa mkubwa lina majibu mawili, la saa nne usiku na la saa nne asubuhi, na nyaraka zinatupa la kwanza tu.

Mwaka 1967 mambo yalikuwa yamegeuka: Arusha ilikuwa na zaidi ya watu 32,000 na Moshi karibu 27,000. Arusha ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka 10. Sehemu ya ongezeko hilo ni wahamiaji, bila shaka. Lakini kabla ya kulihesabu lote kuwa ni watu waliohamia, kuna swali la kuuliza: je, mpaka wa mji wa mwaka 1957 ndio uleule wa mwaka 1967? Mpaka ukisogezwa, mtu aliyekaa palepale shambani kwake, bila kuhama hata hatua moja, huamka akiwa mkazi wa mjini na kuonekana kwenye jedwali kama ongezeko. Anayetaka kulijua hilo itambidi aziweke ramani mbili za mji mezani, moja kando ya nyingine, kabla hajagusa namba.